Kupanda Nanasi kwa Taji Lake

Mwezi wa Januari, mananasi yakiwa yamejaa magengeni Muheza na kando ya barabara inayotoka Segera kwenda Tanga, kila nanasi linalomenywa huacha taji lake kwenye ndoo ya taka. Taji hilo ni mche kamili. Lina shina, lina majani, katikati lina moyo unaoendelea kukua, na chini ya majani yake ya chini mizizi imekwisha kuanza hata kabla ya kugusa udongo. Ukilipanda utapata nanasi la aina ile ile uliyokula, kwa sababu halitokani na mbegu. Ni sehemu ya mmea mama iliyoendelea kuishi. Linachodai ni muda. Jiandae kungoja miaka miwili hivi, na ukikosea mwezi wa kupanda, utangoja zaidi.

Niseme mapema kwamba mkulima wa mananasi mwenye nafasi ya kuchagua hapandi taji. Hupanda maotea, yaani yale machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina la mmea uliokwisha kuzaa. Otea nono huzaa baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wakati taji huhitaji miezi 18 hadi 24. Isitoshe, mkulima huuza nanasi likiwa na taji lake, kwa hiyo mbegu hiyo huondoka shambani pamoja na tunda. Kama una jirani mwenye mananasi huko Ngomeni au Mkuzi, muombe maotea mawili matatu na utakula mapema. Taji ni la mtu asiye na jirani wa namna hiyo, au aliyekula nanasi fulani likamkaa mdomoni, akalitaka hilo hilo.

Gengeni

Kwa kuwa taji halibadili aina, anza na utamu. Nunua kwa muuzaji anayekata vipande, onja, kisha umuulize taji la lile alilokata. Na kama unanunua nanasi zima, sema mapema, kabla panga halijapanda juu: "Mama, kichwa usikikate, nakihitaji." Wauzaji wengi hukata taji kwa pigo moja ili mnunuzi abebe mzigo wake kwa wepesi, na pigo hilo likipita juu kidogo hukata moyo wenyewe. Taji lililokatwa moyo halitakua tena kwa juu.

Angalia pia kingo za majani. Aina inayoitwa Smuthi Kayeni ina majani laini, miiba ikiwa michache tu karibu na ncha, na tunda lake ni kubwa lenye maji mengi. Kwini ina miiba ukingo mzima, tunda lake ni dogo zaidi, nyama yake ni ya njano iliyokolea. Zote zinaota kwa taji. Kama ndoo yako itakaa karibu na mlango, mahali watoto wanapopita, chukua yenye majani laini; baada ya mwaka mmoja majani ya Kwini yatakuwa yanachana sketi na mashavu ya miguu.

Taji zuri ni la kijani hadi katikati. Shika jani moja la ndani kabisa, livute taratibu. Likishikilia, moyo ni mzima. Likichomoka bila ubishi, kitako chake kikiwa kimelainika na kugeuka kahawia, moyo umeoza na hakuna la kufanya. Mananasi yaliyolala kwenye jokofu la dukani ndiyo yanayodanganya zaidi, maana majani ya nje hubaki mazuri huku baridi imekwisha kudhuru ya ndani. Mwisho, fungua majani ya chini uangalie kama kuna unga mweupe kama pamba. Hao ni vidung'ata. Wanafyonza utomvu, wanaandamana na ugonjwa wa kunyauka unaofanya majani yawe mekundu kuanzia kwenye ncha huku mizizi ikifa, na sisimizi huwabeba kutoka mche hadi mche kwa sababu wanapenda maji matamu wanayotoa. Taji lenye vidung'ata liache huko huko gengeni. Katika msimu hutakosa lingine.

Kulisokota

Lishike tunda kwa mkono mmoja, ukiwa umelizungushia kitambaa kama magamba yanakuumiza. Kwa mkono wa pili kusanya majani yote ya taji, uyashike chini kabisa yanapokutana na tunda. Ukishika juu, utabaki na majani mkononi na shina kwenye nanasi. Kisha zungusha kwa upande mmoja bila kuvuta. Nanasi lililoiva halibishi: utasikia mkatiko, na taji litatoka na kishina kifupi cheupe, bila nyama. Lisilotaka kusokotwa kwa kawaida halijaiva vya kutosha. Hilo likate kwa kisu sentimita mbili chini ya majani, halafu ondoa nyama yote kuzunguka shina hadi ubaki na shina tupu lililo gumu.

Usione uvivu kuondoa nyama. Ile sukari iliyobaki ndiyo inayoita ukungu, na kuna ukungu mmoja unaoshambulia kitako cha taji kupitia kidonda kibichi, ukakifanya cheusi na laini, chenye harufu ya tunda lililochacha. Mataji mengi yanayofia kwenye ndoo za watu hufa hivyo. Mwenye mche huona majani yamefifia, anaongeza maji akidhani ni kiu, na chini kule hakuna tena shina.

Sasa bandua majani ya chini, moja moja, ukiyavuta kuelekea chini, hadi shina lionekane kwa urefu wa sentimita mbili au tatu. Utaona vinundu vidogo vya kahawia vimepangana kuzunguka shina, na kwenye mataji mengine utakuta vijizizi vifupi vimekwisha kutoka na kujikunja chini ya majani. Hiyo ndiyo mizizi yako. Usiikwangue ukidhani ni uchafu. Majani yanayobaki juu usiyapunguze, kwa kuwa chakula cha mche kwa miezi miwili ijayo kimo humo.

Baada ya hapo liache likauke. Hapa ndipo watu hushindwa kujizuia, kwani mtu aliyezoea kupanda mchicha huona haya kuacha mche bila maji. Lilaze juu ya ungo kivulini, mahali penye upepo, au lining'inize kichwa chini barazani. Siku nne zinatosha mahali pakavu, lakini kwa unyevunyevu wa pwani yetu mimi ningengoja wiki nzima. Liko tayari kidonda kikishakuwa kikavu na kigumu, rangi ya kahawia hafifu, na ukikibonyeza kwa kidole hakitoi maji. Majani yatasinyaa kidogo. Yaache.

Taji linaweza kuvumilia hivyo kwa sababu nanasi ni kama mkonge, mmea ambao mtu wa Tanga haelezwi: mchana wa jua hufunga matundu ya majani yake lisipoteze maji, usiku ndipo huyafungua na kuvuta hewa. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi vya mkonge kutoka Florida, vikavuka bahari kupitia Ulaya bila shamba wala maji. Vingi vilikufa, lakini 62 vilifika hai, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka kwa hivyo ukaenea mkonge wa nchi hii. Taji la nanasi halihitaji ujasiri wa kiasi hicho. Wiki tatu nne kivulini linangoja tu, na uvumilivu huo utakufaa tukifika kwenye kalenda.

Kutoa mizizi

Njia ya glasi ya maji inapendwa kwa sababu mtu anaiona mizizi ikitoka. Weka taji juu ya mdomo wa glasi ili kitako peke yake kizame, badili maji kila baada ya siku mbili, na kati ya wiki ya pili na ya nne utaona mizizi myeupe. Ikifika urefu wa kidole cha shahada, hamishia kwenye udongo. Kasoro zake ni mbili. Mizizi iliyozaliwa majini huvunjika kirahisi, na ikivunjika mche unaanza upya. Pia maji yaliyosahaulika dirishani ni kitalu cha mbu, wakiwemo wale wanaoleta dengue.

Kwa joto la Muheza sioni haja ya glasi. Panda moja kwa moja kwenye udongo. Tafuta ndoo ya lita 20 au dumu lililokatwa, toboa matundu sita au zaidi chini, kisha changanya udongo wa juu mafungu mawili, mchanga fungu moja na mboji iliyoiva fungu moja. Mchanga uwe wa mtoni. Wa pwani umejaa chumvi na vumbi la matumbawe na makombe, yaani chokaa, na nanasi halipatani na chokaa kabisa.

Chimba kishimo cha sentimita nne au tano, simamisha taji, rudisha udongo na uukandamize kwa vidole pande zote hadi taji lisimame lenyewe. Kinachofukiwa ni lile shina ulilolibandua tu. Udongo usiingie katikati ya majani, kwa maana ukikaa kwenye moyo na kulowa, moyo huoza. Mwagia maji mara moja, weka ndoo penye kivuli chepesi, na usimwagie tena hadi udongo uwe mkavu kwa kina cha kiungo cha kidole. Baada ya wiki nne hivi isogeze juani. Nanasi la kivulini hurefusha majani membamba na huchelewa sana kuzaa.

Wiki sita za kwanza utaona kama hakuna kinachotokea, na hata ncha za majani ya zamani zitakauka. Usifukue kuchungulia. Ukitaka habari, shika majani mawili ya chini uyavute kidogo kuelekea juu. Taji lisilo na mizizi litainuka. Lenye mizizi litakataa. Dalili ya pili hutoka katikati, jani jipya lenye kijani cha kung'aa na pana kuliko yale yaliyokuja na taji. Lakini kama majani ya katikati yanafifia, yanachomoka kwa mguso na kunuka, huo ni uozo wa moyo, ambao huja na maji mengi na udongo usiopitisha maji. Tupa mche huo na udongo wake mbali na mingine.

Mwezi wa kupanda

Hili ndilo jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko mengine yote, na ndilo lisiloandikwa kwenye maelekezo mengi yanayotoka nchi za mbali. Nanasi halizai kwa kufikisha umri tu. Mche ukishakuwa mkubwa wa kutosha, hungoja ishara ya kuchanua, na ishara hiyo ni usiku wa ubaridi pamoja na siku fupi. Katika nchi zilizo mbali na ikweta siku hufupika kwa saa nyingi. Muheza iko kama nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na tofauti ya mchana wa Desemba na wa Juni haifiki saa moja. Kwa hiyo ishara kubwa hapa ni ubaridi wa kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma. Mche uliokomaa kipupwe kikifika unachanua. Ambao bado ni mdogo huachwa nyuma, na mara nyingi hungoja kipupwe cha mwaka unaofuata.

Fuata basi mataji mawili. La kwanza limesokotwa Januari, msimu ukiwa umeiva na nanasi likiwa rahisi. Limekaushwa wiki moja, likawekwa kivulini, na mwanzoni mwa Machi likapandwa kabla masika hayajakolea. Mvua za Aprili na Mei zinalipatia mizizi. Kipupwe cha kwanza kinalikuta na miezi mitatu tu na hakiligusi. Linakula mvua za vuli, linapita kiangazi, linakula masika ya pili, na kipupwe cha pili kinalikuta na miezi 15 au 16, likiwa pana na zito. Linapokea ishara. Agosti au Septemba moyo wake unageuka mwekundu, na Januari au Februari unakata nanasi. Tangu kupandwa imepita miezi 22 au 23.

La pili limepandwa Oktoba, vuli ikianza, na kwa macho wakati huo ni mzuri kama ule wa kwanza, mvua zipo. Lakini kipupwe kinachofuata kinalikuta na miezi minane, bado dogo. Linakosa. Kipupwe kingine ni mwaka mzima mbele, na tunda lake litaiva Januari baada ya hapo, miezi 27 tangu kupandwa. Miezi mitano ya ziada, nayo haikusababishwa na uzembe wowote.

Ndiyo maana taji la Januari usilichome udongoni siku ile ile ya jua kali, na wala usilitupe. Lisubirishe. Kama unaona kungoja hadi Machi kunakupa wasiwasi, lipande kwenye kopo dogo barazani mwezi wa Februari, kisha ulihamishie mahali pake mvua ikianza.

Mwaka wa majani

Kwenye ardhi, acha sentimita 30 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mstari na mstari. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba yatakupunguzia palizi, maana mizizi ya nanasi iko juu juu na jembe likipita karibu huikata.

Kinachoharibu mananasi mengi ya nyumbani ni majivu. Tumezoea kumwaga majivu ya jikoni kwenye migomba na mboga, na huko yanafaa. Nanasi hutaka udongo mchachu, pH kati ya 4.5 na 5.5, na majivu huvuta udongo upande wa pili. Maji ya kufulia nayo huleta madhara ya namna hiyo. Udongo ukishapoteza uchachu, mche unashindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo tele, na utaona majani machanga ya katikati yakitoka ya njano iliyopauka huku ya zamani yakibaki kijani. Kwa mwenye udongo mwekundu wa bara ya Muheza shida hii haitokei sana. Anayeishi Tanga mjini au Pangani karibu na bahari, ambako chini ni mawe ya matumbawe, apande kwenye ndoo na asibishane na ardhi. Ukikusudia shamba zima, peleka udongo ukapimwe kwanza. Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kilichomo wilayani humu humu, kimeshughulika na udongo kwa miaka mingi.

Chakula chake ni kidogo lakini kiwe cha mara kwa mara. Vitako vya majani ya nanasi vinaweza kunyonya kama mizizi, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha urea kwenye lita moja ya maji, kikamwagwa taratibu juu ya majani ya chini mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, kinatosha mche mdogo. Usiweke mbolea kavu kwenye moyo, utauunguza. Samadi iliyoiva weka chini pembeni mwa shina. Maji yanayosimama kati ya majani si tatizo kwa mche mkubwa wenye afya, ila kila wiki yasukume kwa maji mapya ili viluwiluwi vya mbu vitoke.

Kuchanua

Kabla kipupwe cha pili hakijaanza, pima mche. Kusanya majani yote juu kwa mikono miwili. Jani linalotokeza kuliko mengine lifikie kama dhiraa moja na nusu, yaani sentimita 70 hivi, na majani yawe zaidi ya thelathini. Mche wa kiasi hicho ukipata ishara utatoa tunda la kulika. Ulio mdogo zaidi unaweza kuchanua pia, lakini utakupa nanasi la ukubwa wa ngumi.

Ikiwa mche umefika kipimo na kipupwe kimepita bila habari, unaweza kuushawishi. Wakulima wa visiwa vya Azori, waliokuza mananasi ndani ya nyumba za vioo katika karne ya 19, walitambua kwamba moshi unayafanya yachanue. Baadaye ikajulikana kuwa ndani ya moshi kuna gesi ya ethilini, ile ile inayotolewa na ndizi ikiiva. Muheza ndizi hazina shida. Jioni, mwaga maji yaliyosimama kwenye moyo, weka ndizi mbivu tatu au nne, zile zilizoanza madoa meusi, katikati ya majani ya chini, kisha funika mche wote kwa mfuko mkubwa wa nailoni na uufunge chini. Asubuhi fungua, kwa sababu jua litaupika mche ndani ya mfuko. Rudia usiku nne au tano mfululizo. Nasisitiza usiku kwa sababu ndipo matundu ya majani yanapokuwa wazi. Mwezi mmoja na nusu kabla ya zoezi hili acha urea. Mche ulioshiba urea hukataa kuchanua, hasa wakati wa joto la kaskazi. Isipoleta jibu kwa miezi miwili, jaribu tena.

Utasikia watu wakitaja kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea. Inafanya kazi, na mashamba makubwa sehemu nyingi duniani yameitumia. Lakini ikikutana na maji hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja, na ile ya karakana huwa na uchafu wenye sumu. Kwa mche mmoja nyuma ya nyumba sioni kwa nini mtu aiguse.

Jibu likija hutalikosa. Majani ya katikati huwa mafupi, hufunguka, na kwenye moyo huonekana wekundu mkali. Kutoka humo hupanda kichwa kidogo chenye magamba, halafu maua ya rangi ya zambarau yanaanza kufunguka kuanzia chini kwenda juu, machache kila siku, na kila ua huishi siku moja tu. Yakiisha wiki mbili tatu zimepita. Kila ua limekuwa jicho moja la nanasi, na macho yote yameungana kuwa tunda. Wakati huu maji yasikatike, kwani hesabu ya macho imekwisha kufungwa na kinachobaki ni kuyajaza.

Kuanzia hapo hesabu kama miezi minne. Tunda likielemea upande mmoja, jua la Desemba huunguza ubavu ulio juu, ngozi ikawa nyeupe na nyama chini yake ikalainika kabla ya wakati. Lifunike kwa nyasi kavu, au kusanya majani yake mwenyewe juu yake na uyafunge kwa ukili. Kufunga huko huwachelewesha kidogo na tumbili. Kwa waishio chini ya Amani nasema kidogo, kwa sababu tumbili wa huko hufungua mafundo.

Kukata

Nanasi likishakatwa haliongezeki utamu. Halina wanga wa kugeuka sukari kama ndizi. Sukari yote huletwa na majani, na sehemu kubwa huja wiki za mwisho. Linaloonekana kuiva juu ya meza limebadilika rangi na kulainika tu, na ladha ni ile ya siku lilipokatwa. Mkulima anayepeleka Dar es Salaam hulazimika kukata mapema ili lifike zima. Wewe hulazimiki. Ngoja njano ipande kutoka kitakoni hadi ipite nusu ya tunda, macho yawe yametandazika, na harufu uisikie ukiinama. Kisha kata kikonyo kwa kisu kikali. Tunda la taji lililotunzwa nyumbani mara nyingi huwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu.

Mmea mama hautazaa tena kwenye shina lile, lakini usiung'oe. Ubavuni utakuwa umetoa maotea. Acha moja, lile lililo chini kabisa na nene kuliko mengine, maana lililo juu likikua huangusha mmea mzima. Lililobaki hukua juu ya mizizi iliyokwisha kujengwa, kwa hiyo tunda lake huja mapema kuliko la kwanza, ingawa kwa kawaida ni dogo kidogo. Mengine yakifika urefu wa sentimita 30 yazungushe uyang'oe, uyakaushe siku chache kama ulivyokausha taji, uyapande. Maotea yaliyotoka Januari pia yanaweza kungoja Machi.